Kutoka Daftari la Mfukoni hadi Potifolio ya Mkunga

Mwanafunzi wa ukunga akiniletea potifolio yake niikague, namwomba kwanza daftari la mfukoni. Wengine hucheka wakidhani natania. Daftari lenyewe huwa limechakaa kwa kukaa mfuko mmoja na mikasi, na mwandiko umepinda kwa sababu uliandikwa wima, mgongo ukiegemea ukuta wa leba. Lakini mali yote imo humo. Asiye na daftari ataniletea insha nzuri juu ya kumhudumia mama kwa upendo, na insha ya namna hiyo naweza kuiandika hata mimi kuhusu wodi nisiyowahi kukanyaga.

Kazi hii niliijua ukubwani. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi chuoni kusomea ukunga, na chuo kilitaka vitu viwili kutoka kwetu: logibuku na potifolio. Wengi tulidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili, na hapo ndipo kazi za wengi zinapoharibikia hadi leo. Logibuku inauliza umefanya nini, kwa kiwango gani, na nani alikuona. Ni hesabu, na hesabu haitaki maneno mengi. Potifolio inauliza tukio lile lilibadilisha nini katika utendaji wako, na ushahidi wa badiliko hilo uko wapi. Daftari halimjibu mtu yeyote. Ni lako peke yako, ndiyo maana linaweza kusema kweli.

Kwa vichwa vya umahiri tulipewa orodha ya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga, toleo la mwaka 2019, lenye makundi manne. La kwanza ni umahiri wa jumla, unaomhusu mkunga popote alipo: kuwajibika kwa maamuzi yake, kuwasiliana, kuheshimu haki za mwanamke, kujua mwisho wa mamlaka yake na kutoa rufaa. La pili ni huduma kabla ya ujauzito na wakati wa ujauzito. La tatu ni uchungu na kujifungua. La nne ni huduma endelevu kwa mama na mtoto mchanga. Kila chuo kina mtaala wake na majina yake, lakini mgawanyo huu au mfano wake utaukuta mahali pengi.

Nitatumia tukio moja tu, kwa sababu usiku mmoja wa leba ukifuatwa vizuri unatosha kuonyesha kazi nzima. Daftari langu la wakati ule lilisema hivi:

"Uzao wa nne. Mtoto mzima, amelia. Kondo limetoka, limekamilika. Punde damu inachuruzika, khanga ya chini imelowa. Mfuko laini, haukazi. Nimekanda. Sista: leteni dripu, oksitosini, traneksamiki iko wapi? Watu wawili wanakimbilia kabati moja. Mama mkwe mlangoni anauliza kuna nini, hakuna wa kumjibu. Imesimama. Wakati wa kuandika faili: dawa hii ilitoka saa ngapi? Kila mtu na saa yake. Mikono inatetemeka mpaka ndani ya daladala."

Nilianza na logibuku, na nashauri kila mtu aanzie hapo, kwa sababu inakulazimisha kulivunja tukio vipande vipande kabla hujaanza kulisimulia. Usiku ule ulionekana kama tukio moja, yaani mama kavuja damu. Ndani ya logibuku ulikuwa mistari kadhaa katika kurasa tofauti, na kila mstari na kiwango chake. Kumzalisha mama kwa njia ya kawaida: nimefanya chini ya usimamizi. Kusimamia hatua ya tatu, maana yake kumchoma mama uniti 10 za oksitosini mtoto akishazaliwa na kulitoa kondo kwa mvuto wa taratibu: nimefanya chini ya usimamizi. Kukagua kondo na utando wake: nimefanya chini ya usimamizi. Kudhibiti damu inayovuja baada ya kujifungua: nimesaidia. Kuweka kanula na kuanzisha dripu: nimeangalia.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayowashinda watu. Mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo la mama tangu mwanzo hadi damu iliposimama, na moyo ulikuwa unaniambia kwamba nilimwokoa. Lakini kudhibiti damu ni zaidi ya kukanda. Ni kuamua dawa ipi itangulie, kuangalia kama kibofu kimejaa, kukagua kama kuna mchaniko, kupima mapigo na presha, na kujua ni wakati gani wa kumwita daktari. Hayo aliyafanya sista wa zamu. Mimi nilikanda. Neno sahihi ni "nimesaidia", na mtu akiandika "nimefanya" ushahidi wa kumuumbua haupo mbali. Kila uzazi umeandikwa katika kitabu namba 12 cha MTUHA, rejesta ya leba, pamoja na tatizo lililotokea na mtu aliyehudumia. Mtahini mwenye shaka anaiomba rejesta hiyo na kulinganisha tarehe. Ameshawahi kutokea mwanafunzi, nami namjua, aliyejaza uzazi mwingi kwa siku moja kuliko uzazi wote ulioandikwa katika rejesta ya siku hiyo.

Kuna safu nyingine ya logibuku inayozaa tatizo kubwa kuliko inavyoonekana, nayo ni ile ya namba ya mgonjwa. Vitabu vingi vinaitaka ili msimamizi aweze kuhakiki. Iandike humo kama kitabu kinavyoagiza, lakini iishie humo humo. Isihamie kwenye potifolio, kwa sababu potifolio husafiri: inakwenda kwa mtahini, inachapishwa, inatumwa kwa simu, inaachwa juu ya meza ya duka la kutoa kopi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa ziada. Mimi nilimpa kila mama alama yangu mwenyewe, herufi moja na namba, na orodha ya alama hizo sikuiweka pamoja na potifolio.

Kufuta jina, hata hivyo, hakutoshi. Wilaya ndogo inamjua mtu bila jina lake. Ukiandika "mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, mimba ya kwanza akiwa na miaka arobaini na mbili, mapacha", umeshamtaja. Kwa kila maelezo jiulize kama funzo litasimama bila hayo. Katika tukio langu uzao wa nne nilihitaji kuutaja, kwa kuwa idadi ya uzazi inamhusu mkunga anayepima hatari ya mfuko kutokaza. Umri wa mama, kazi ya mumewe na kijiji alikotoka havikuwa na kazi yoyote. Tarehe kamili nayo niliibadilisha kuwa mwezi.

Baada ya hapo nikaandika andiko la potifolio, na rasimu ya kwanza nikaipeleka kwa mkunga mzee aliyekuwa akitusimamia, mwanamke aliyezalisha hata baadhi ya wauguzi wa zamu yake. Aliisoma akiwa amesimama, miwani imeshukia puani.

"Mwanangu," akasema, "hapa wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mama. Nimeeleza yote."

"Naona tulikanda, tukaweka dripu, dawa ikatolewa, damu ikadhibitiwa. Leba nzima imo. Wewe sikuoni."

Alikuwa na haki. Rasimu ilijaa "tulifanya" na "ilifanyika", lugha ya ripoti ya kukabidhi zamu. Lugha hiyo inafaa sana asubuhi mbele ya wenzako, kwa kuwa pale anayezungumziwa ni mama. Katika potifolio anayepimwa ni wewe. Nililiandika upya kwa sentensi za "nilikanda", "nilisikia", "sista aliamua", kila mtu akabaki na tendo lake, na andiko likapungua karibu nusu. Hiyo ni dalili njema. Tangu hapo nikipokea andiko refu kupita kiasi huanza kwa kuhesabu ni sentensi ngapi zina mtu ndani yake.

Akanigusia jingine, juu ya damu. Nilikuwa nimeandika "damu nyingi sana". Nyingi kiasi gani? Wakati ule tatizo hili lilitambuliwa damu ikifikia mililita 500 baada ya uzazi wa kawaida, na macho ya binadamu ni mizani mbovu. Mara nyingi hukadiria pungufu, hasa damu ikiwa imenyonywa na khanga au kumwagika sakafuni. Kishawishi kikubwa cha mwanafunzi ni kuweka tarakimu ili andiko lionekane la kitaalamu: mililita 800, imekaa vizuri. Mkunga mzee alikataa. "Haikupimwa, andika haikupimwa." Basi nikaandika kwamba khanga moja ililowa na damu ilikadiriwa kwa macho tu. Sentensi hiyo, ambayo mwanzoni niliiona kama inanidhalilisha, ilikuja kuwa na kazi yake, kama nitakavyoeleza.

Sasa mafunzo yenyewe. Funzo la rasimu ya kwanza lilikuwa hili: "Nimejifunza umuhimu wa mawasiliano na ushirikiano wakati wa dharura." Nimeshalisoma funzo hilo mara nyingi mno katika kazi za wanafunzi wangu, na halijawahi kunieleza chochote. Haliwezi kuwa uongo, na kwa sababu hiyo haliwezi kuthibitishwa. Kipimo ninachotumia ni chepesi: je, mtu aliyesimama mlangoni zamu ijayo anaweza kuona kama umelitekeleza au hukulitekeleza? Kama hawezi kuona, hilo si funzo bado, ni nia njema.

Nikarudi kwenye daftari nikalisoma mstari kwa mstari. "Kila mtu na saa yake." Hapa palikuwa na jambo. Saa ya dawa si urembo wa faili. Asidi ya traneksamiki, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2017 itolewe mapema kwa kila mama anayevuja damu baada ya kujifungua, hutolewa gramu moja polepole mshipani kwa dakika 10, na mwisho wake ni saa 3 tangu mtoto azaliwe. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, dozi ya pili inaruhusiwa. Anayempokea mama, awe daktari au hospitali ya rufaa, hawezi kuamua lolote kati ya hayo bila saa mbili: ya mtoto kuzaliwa na ya dawa kuingia.

Tena sisi tuna mtego wetu wenyewe. Kwa mdomo tunasema saa nane na dakika kumi usiku, na kwenye faili tunatakiwa kuandika 02:10. Katika haraka mtu anaitaja saa kwa Kiswahili, na anayeandika anaiandika kama alivyoisikia. Fikiria faili inayosema mtoto amezaliwa 01:50 na traneksamiki imetolewa 8:10. Anayeisoma mchana ataona dawa imechelewa zaidi ya saa sita na kwamba muda wake ulikwishapita, kumbe ilitolewa dakika ishirini tu baada ya uzazi. Ndivyo funzo langu la kwanza lilivyokuja kuandikwa: "Damu ikianza kuvuja, huku nikikanda, namtaja mtu mmoja kwa jina aandike saa ya kila tendo, na saa hizo naziita kama zinavyoandikwa kwenye faili." Mtu wa mlangoni anaweza kulisikia hilo likitendeka.

"Mama mkwe mlangoni." Hapa nilitaka kuandika kwamba ndugu wapewe taarifa, lakini mkunga mzee akanishika tena. Aliuliza mama mwenyewe aliambiwa nini. Daftari lilikuwa kimya. Mama alikuwa macho muda wote, anahisi mikono ya watu wawili juu ya tumbo lake na kusikia majina ya dawa yakiitwa, na katika maandishi yangu hakuwa na neno hata moja. Tangu siku hiyo huwa nasoma daftari mara mbili, ya kwanza kutafuta yaliyosemwa na ya pili kutafuta ni nani hakutajwa. Funzo la pili likawa: "Nikiwa namkanda mama namweleza ninachofanya na kwa nini, kisha namuuliza ni nani kati ya ndugu zake aambiwe." Mpangilio huo una maana. Taarifa ni za mama, na mama mkwe huenda akawa ndiye mtu wa mwisho ambaye angependa ajue.

"Watu wawili wanakimbilia kabati moja." Hilo lilikuwa la mgawanyo wa kazi, na dawa yake ni mazoezi. Chuoni kwetu kulikuwa na MamaNatalie, kifaa ambacho mkufunzi hukivaa tumboni, kikatoa mtoto, kondo na damu ya bandia, na mfuko wake ukaweza kulegea au kukaza. Funzo la tatu nililiandika pamoja na tendo lake: kufanya zoezi la damu kwa MamaNatalie na wenzangu wa zamu, kila mmoja akipokea nafasi tofauti, na msimamizi atie saini karatasi ya zoezi.

Kazi ya kupanga mafunzo chini ya vichwa vya umahiri ilikuja baada ya hapo, na ni vizuri ije baadaye. Wanaoanza na kichwa hulazimisha tukio liingie. Wengi wangelitupa andiko lote chini ya kundi la tatu, uchungu na kujifungua, kwa kuwa tukio lilitokea leba na lilihusu damu. Ndiyo sababu potifolio nyingi hufura kundi la tatu na kukonda kundi la kwanza. Mimi nilifanya hivi: nilichukua kila kipengele cha umahiri, nikatafuta ndani ya andiko sentensi inayokithibitisha, na nikaipigia mstari. Kisipopata sentensi hakiingii.

Matokeo yalinishangaza. Funzo la saa lilikwenda kundi la kwanza, kwenye kipengele cha mawasiliano na timu ya afya, kwa sababu sentensi niliyoipigia mstari ilihusu kuita na kuandika. Funzo la mama na ndugu lilikwenda hapo hapo, upande wa mawasiliano na mwanamke na familia. Kundi la tatu, kipengele cha kusimamia uzazi salama na kuzuia, kugundua na kutuliza matatizo, lilipata funzo la tatu tu, na hata hilo kwa masharti. Nilikuwa nimegundua mfuko haukazi na nimeanza kukanda, hivyo "kugundua" ilikuwa na ushahidi. "Kutuliza" ilikuwa bado, na niliandika waziwazi kwamba ushahidi wake unasubiri. Mtahini hasumbuliwi na nafasi iliyo wazi yenye maelezo. Humsumbua iliyojazwa bila kitu.

Kichwa kinachopachikwa ovyo kuliko vyote ni kile cha kutumia utafiti. Mwanafunzi anataja jaribio la WOMAN la mwaka 2017, lililoonyesha faida ya traneksamiki ikitolewa mapema, na hapo hapo anadai umahiri wa utafiti. Kutaja si kutumia. Nilikuja kukidai kichwa hicho kwa haki baadaye, nikiwa nimeshahitimu, na kilichonifungulia mlango ni ile sentensi ya "haikupimwa". Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa chini karatasi ya plastiki yenye mfuko wa kukusanya damu, uliochorwa vipimo, na damu ikizidi anapewa huduma zote kwa mkupuo: kukandwa, oksitosini, traneksamiki, dripu, kukaguliwa na kuitiwa msaada. Matukio mabaya, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya kuvuja damu, yalipungua kwa asilimia 60. Niliandika andiko jipya lenye kurejea lile la zamani: nilikadiria kwa macho, nikasoma ushahidi huu, sasa napima kwa njia hii, na hizi ni rekodi za wazazi niliowapima. Hapo utafiti ulikuwa umetumika.

Hisia je? Vyuo vingi hufundisha mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988, na moja ya hatua zake ni hisia, hivyo wanafunzi huandika kwa utiifu kwamba waliogopa kisha wakafurahi. Mikono yangu ilitetemeka mpaka ndani ya daladala, na nilifikiri sana kama hilo liingie. Msimamo wangu ni kwamba hisia huingia pale ilipobadilisha tendo. Kutetemeka kwangu kulikuja baada ya kazi kwisha, hakukuchelewesha dawa, basi kulibaki daftarini. Mwenzangu alishindwa kuvunja ampuli kwa sababu ya kutetemeka. Kwake lilikuwa funzo, na aliliweka chini ya kipengele cha kujitunza na kujiendeleza pamoja na mpango wa mazoezi. Hakuna haja ya kila andiko kulia.

Kuna pia mambo ambayo potifolio si mahali pake kabisa. Ukikuta oksitosini imeachwa juu ya trei kutwa nzima wakati inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hilo linakwenda kwa kiongozi wa wodi siku hiyo hiyo na kwenye fomu ya matukio. Potifolio inaweza kueleza kwamba uliliona na ukaripoti, sentensi moja, bila jina la aliyeiacha. Uingereza, mwaka 2018, madaktari waliingiwa na hofu kubwa kwamba maandiko yao ya tafakuri yanaweza kutumika dhidi yao mahakamani. Baraza lao la madaktari na vyombo vingine walitoa mwongozo wa pamoja mwaka huo huo, na kiini chake kinatufaa hata huku: andiko lijikite kwenye ulichojifunza badala ya kusimulia kesi nzima, na mgonjwa asitambulike. Andiko lililofuata njia hiyo hata likidaiwa halimvui nguo mtu yeyote.

Andiko langu lilikamilika kwa tukio la pili, sehemu ambayo wengi huisahau. Funzo bila kurudiwa ni ahadi. Kabla ya muhula kwisha mama mwingine alivuja damu zamu yangu ikiwepo. Nilimtaja mwanafunzi mwenzangu kwa jina, na aliandika nyuma ya boksi la glovu: 02:41 mtoto, 02:52 kukanda, 02:54 oksitosini kwenye dripu, 02:58 traneksamiki imeanza. Boksi lenyewe sikulibeba, kwa kuwa saa zile zilihamishiwa kwenye faili la mama na huko ndiko mahali pake. Nilichobeba ni saini ya sista aliyeshuhudia, na mstari mmoja wa logibuku ambao safari hii kiwango chake kilipanda: nimefanya chini ya usimamizi. Ile nafasi ya "kutuliza" iliyokuwa wazi nikaijaza, nikitaja ukurasa wa logibuku ulikothibitishwa.

Nina neno kwa wasimamizi wenzangu, maana nusu ya ubovu wa vitabu hivi ni wetu. Kitabu cha miezi mitatu chenye saini zote za wino mmoja, zilizolala upande mmoja kwa mkono mmoja, kinajulikana kwa kukitazama tu: kilisainiwa kwa kikao kimoja siku ya mwisho, na aliyesaini hakumbuki mama hata mmoja kati ya wale. Mwanafunzi akikuletea mstari mmoja mwisho wa zamu, usimwambie akusanye. Soma kiwango alichojiandikia, mshushe kama amejipandisha, mpandishe kama amejishusha, kisha saini na uweke tarehe ya siku hiyo. Vyuo navyo viache kudai idadi ya kurasa za tafakuri. Andiko la ukurasa mmoja lenye funzo moja na saini ya mtu aliyeliona likitendeka linatosha kumpitisha mkunga, na pale ninapokaa mimi kutahini linampitisha.